Mzee Ametuaga: Kufariki, Kuaga Dunia na Kufumba Macho katika Tangazo la Kifo

Mwaka niliokuwa wa pili katika kitivo chetu, babu yangu mzaa mama alifariki mjini Bukavu. Usiku uleule wajomba walikaa uani kupanga kazi za kilio: nani atatafuta viti, nani atakwenda kuona mahali pa kaburi, nani atapika. Mjomba mkubwa alinigeukia akasema: "Wewe unayesoma lugha, andika tangazo. Asubuhi lipelekwe radioni." Nikapewa karatasi na taa. Niliandika kwa nusu saa, nikasoma kwa sauti, wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Hakuna aliyeona kosa. Mimi nilikuwa hata na fahari kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekwepa neno "kufa" tangu mwanzo hadi mwisho.

Hivi ndivyo lilivyosomeka, majina yakiwa yameondolewa:

"Familia ya Mzee M., mjini Bukavu, ina huzuni kubwa kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki wote walio Uvira, Kamituga na Goma kwamba mzee wetu ametuaga usiku wa Jumanne. Alifumbia macho hospitalini akiwa amezungukwa na watoto wake. Aliaga wakati tukijiandaa kumsafirisha kwa matibabu. Kilio kinafanyika nyumbani kwake Kadutu. Mazishi ni Alhamisi saa sita mchana."

Tangazo lilisomwa Jumatano asubuhi. Mama mdogo wangu, binti wa mwisho wa marehemu, anaishi Uvira. Simu yake ilikuwa imezimika siku mbili kwa kukosa umeme. Jirani yake ndiye aliyesikia radio, tena alisikia mwanzo tu akiwa anapita kwa mwenye duka. Akamletea habari kama alivyoichukua: "Nimesikia radioni, mzee wenu wa Bukavu ameaga."

Sasa tazameni. Familia yote ilijua kwamba babu alikuwa karibu kupelekwa Bujumbura kutibiwa, na aendaye Bujumbura kutoka kwetu kwa njia ya bonde la Ruzizi hupitia Uvira. Mama mdogo akafahamu kwamba baba yake ameaga watu wa nyumbani na yuko njiani. Akafagia chumba, akanunua samaki, akapika, akangoja. Alingoja Jumatano yote na Alhamisi yote. Saa sita mchana ya Alhamisi, sisi tulipokuwa tunatupa udongo kaburini, yeye alikuwa anapasha chakula moto. Ukweli ulimfikia Ijumaa. Alipofika Bukavu Jumamosi, aliniambia neno moja tu, bila hasira: "Mi nilijua mzee iko njiani."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma matangazo ya vifo kwa jicho lingine. Makala haya ni matokeo ya usomaji huo. Sikusudii kuorodhesha misemo yote ya upole ambayo Kiswahili kinayo kwa kifo. Nataka kuchukua mitatu niliyoitumia mimi au niliyopaswa kuitumia, yaani kufariki, kuaga dunia na kufumba macho, na kuonyesha kwamba haibadilishani nafasi ovyo. Kila msemo unamfanya marehemu atende tendo fulani, na tendo hilo ndilo linaloamua msemo uwekwe wapi katika tangazo, uhitaji neno gani pembeni yake, na umfae marehemu yupi.

1. Neno tunalolikwepa na mahali lisipokwepeka

Tuanze na kufa. Kitenzi hiki ni cha silabi moja katika shina lake, na matumizi yake ni mapana mno: mtu hufa, mbuzi hufa, mti hufa, saa ya ukutani hufa, hata biashara hufa. Upana huo ndio unaolifanya liwe zito mdomoni. Ukisema "amekufa", hujamtenga marehemu na mbuzi wala na saa.

Hata hivyo si kweli kwamba neno hili ni tusi. Katika nyumba zetu za Bukavu mtoto husema "baba alikufa" na hakuna anayeshtuka. Mwenye msiba anayo haki ya kuutaja wazi. Kinachoumiza ni mtu wa nje kuja na kumwambia mwenye msiba, "Nimesikia baba yako amekufa." Yule wa nje anapaswa kuinamisha neno kama anavyoinamisha kichwa anapoingia uani. Tangazo la kifo lina hali ya pekee hapa: wanaosema ni familia, lakini sauti itakayotoka ni ya mtangazaji, na masikio yatakayosikia ni ya watu wa kila namna. Ndiyo maana familia inayosema "kufa" nyumbani hutaka "kufariki" radioni.

Lakini kufa kuna jamaa zake ambao tangazo haliwezi kuwafukuza. Mnyambuliko wa kutendea ni kufia, na kutendewa ni kufiwa: tumefiwa, wafiwa, familia iliyofiwa. Jaribu kufanya hivyo kwa misemo ya upole. Hakuna asemaye "tumeagiwa dunia", wala "tumefumbiwa macho" kwa maana ya kufiwa. Tena jina la tukio lenyewe ni kifo. Kufariki hakukutupatia nomino iliyozoeleka ya kutaja tukio. Ndiyo maana watangazaji, hata walio wapole kuliko wote, husema "tangazo la kifo" na "kifo cha baba yao". Masikio yetu yanavumilia kifo na wafiwa kwa utulivu kabisa, ingawa shina ni lilelile.

Hapo kuna funzo la kwanza. Upole wa Kiswahili umewekwa hasa kwenye kitenzi ambacho nafsi yake ni marehemu mwenyewe. Tunaweza kutaja kifo. Tusilopenda kusema ni kwamba Mzee M. alikufa. Kwa hiyo swali la mwandishi wa tangazo ni dogo na mahususi: katika sentensi ile ambayo marehemu ndiye mtenda, nimpe kitenzi gani?

2. Kufariki: kitenzi kinachosimama peke yake

Kufariki kumetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuachana na kitu au kutengana nacho. Undugu huo bado unaonekana katika Kiswahili chenyewe. Ndugu wawili waliogombana wamefarakana. Ugomvi wao ni mfarakano. Konsonanti ni zilezile, f-r-k, na wazo ni lilelile la kutengana. Aliyefariki dunia ametengana na dunia.

Ajabu ni kwamba msemaji wa leo hasikii tena picha hiyo. Mwulize mtu barabarani kufariki ni kufanya nini. Atakujibu "ni kufa". Picha imechakaa, na kuchakaa huko ndiko kulikokifanya kitenzi hiki kiwe na manufaa. Kwa kuwa hakionyeshi tena tendo lolote jingine, hakiwezi kueleweka kwa maana nyingine. "Amefariki" ni habari kamili hata ikisikika kwa nusu, hata ikisikika kupitia ukuta, hata ikipelekwa na jirani aliyekuwa anapita dukani.

Kuna jaribio dogo la sarufi linaloonyesha jambo hili. Chukueni "amefariki dunia" na "ameaga dunia". Zinafanana kwa umbo: kitenzi kisha dunia. Sasa ingizeni kiambishi cha yambwa. "Ameiaga dunia" inapita bila shida. Dunia kweli ni kitu kinachoagwa. "Ameifariki dunia" inakwaruza sikio katika maandishi ya leo. Kisha ondoeni neno dunia. "Amefariki" inabaki imara. "Ameaga" inayumba. Maana yake ni kwamba katika kufariki dunia, neno dunia limekuwa kama mkia: likiwepo linaongeza heshima na urefu wa sauti, lisipokuwepo hakuna kilichopotea. Katika kuaga dunia, neno dunia ni nguzo.

Kufariki kuna sifa nyingine inayokifaa tangazo. Kinapokea mahali na wakati moja kwa moja: alifariki Bukavu, alifariki hospitalini, alifariki usiku wa Jumanne. Kufa mara nyingi huchukua mnyambuliko ili kushika mahali, kama katika "alifia Uvira". Kufariki hakidai hivyo. Ndiyo sababu sentensi ya tarehe na mahali ni yake. Na hakichagui marehemu: mzee wa miaka tisini hufariki, kijana aliyepata ajali hufariki, mtoto wa siku mbili hufariki.

Neno moja juu ya wakati wa kitenzi. Habari yenyewe hupendeza kwa -me-: "Mzee M. amefariki dunia." Hapo msikilizaji anapewa hali mpya ya mambo. Tarehe na mahali hupendeza kwa -li-: "Alifariki hospitalini usiku wa Jumanne." Wengi wetu, mimi nikiwa mmoja wao, huvisonga vyote katika sentensi moja, ndipo msikilizaji anapokea saa na jina la hospitali kabla hajaamini kwamba mtu amefariki. Sentensi mbili fupi humpa nafasi ya kupumua kati yake.

3. Kuaga dunia: ni nani anaagwa?

Kuaga ni kutoa salamu ya kuondoka. Mgeni huaga wenyeji, msafiri huaga nyumba, mwanafunzi huaga wazazi anaporudi chuoni. Kitenzi hiki kinafanya kazi hii kila siku, asubuhi na jioni, na kazi hiyo haina uhusiano wowote na kifo. Kinachokipeleka upande wa kifo ni yambwa peke yake. Mtu anaweza kuaga mke, kuaga kijiji, kuaga kazi, na akarudi kesho. Akiaga dunia, harudi.

Kosa langu sasa liko wazi. Niliandika "mzee wetu ametuaga". Nilidhani nimeongeza uchungu kwa kuweka -tu-, yaani sisi, mahali pa dunia. Nilichofanya ni kung'oa nguzo. "Ametuaga" husema tu kwamba alitupa salamu ya kuondoka. Na sentensi ya tatu ilizidisha: "Aliaga wakati tukijiandaa kumsafirisha." Aga na safiri katika sentensi moja! Hata aliyesikia tangazo lote angeweza kusita.

Baadhi yetu tutajitetea kwamba katika habari za Kenya tunakutana na "aliaga" bila dunia, na kila mtu anaelewa. Ni kweli, na si kosa kule. Msomaji wa gazeti amekwisha kuona kichwa cha habari, umri wa marehemu na picha yake. Muktadha unashika nafasi ya dunia. Tena mazoea ya wasomaji wale yamekwisha kulifupisha. Kwetu Kivu ufupisho huo haujakaa katika mazungumzo ya kila siku, na mama anayesikia "baba ameaga" atauliza kwanza, "Amekwenda wapi?"

Kuna jambo la pili katika kuaga, nalo ni la maana zaidi ya sarufi. Anayeaga anajua kwamba anaondoka. Hakuna kuaga bila kujua. Kwa hiyo msemo huu unampa marehemu akili timamu na hiari: aligeuka, akaitazama dunia, akaipa salamu. Ni picha nzuri kwa mzee aliyewaita watoto, akawagawia maneno, akanyamaza. Kwa mtoto mchanga picha hii haikai. Mtoto wa siku mbili hajaijua dunia, ataiagaje? Kwa mtoto kama huyo nimesikia familia zikimpa Mungu kitenzi, "Mungu amemchukua", na nadhani zinafanya vizuri, kwa sababu hapo mtenda hubadilika na mtoto hapewi tendo lisilo lake. Asiyependa hivyo anaweza kubaki na kufariki.

Najua kwamba waandishi wa habari huandika "aliaga dunia" hata kwa aliyefariki ghafla barabarani. Lugha inaruhusu, msemo nao umeanza kuchakaa kama kufariki kulivyochakaa. Lakini haujachakaa kabisa, na familia iliyopoteza mtu bila salamu husikia pengo. Mwanafunzi mwenzangu aliyefiwa na kaka katika ajali aliniambia: "Wameandika ameaga. Alimwaga nani?" Swali hilo ni la sarufi na la moyo kwa wakati mmoja, na sikuweza kulijibu.

Mwisho, kuaga kuna kazi nyingine ndani ya tangazo lilelile. Tunasema mwili utaagwa saa fulani, mahali fulani. Huko walio hai ndio wanaoaga, na anayeagwa ni marehemu. Tukitumia vizuri, kitenzi kimoja kinasimama pande mbili za tangazo: juu, marehemu anaiaga dunia, chini, dunia inamwaga yeye. Tukitumia vibaya, yaani tukiacha yambwa juu, msikilizaji anabaki hajui nani anamwaga nani.

4. Kufumba macho: msemo wenye shahidi

Kufumba ni kufunga kitu kinachoweza kufumbuliwa: macho, kinywa, kiganja. Kinyume chake, kufumbua, kinakaa karibu sana. Ndiyo maana tunasema "kufumba na kufumbua" kwa jambo la mara moja. Kutoka humo tuna fumbo, maneno yaliyofungwa ambayo msikilizaji lazima ayafumbue. Kwa hiyo neno macho haliondoki katika msemo wetu. "Amefumba" peke yake haisemi chochote: amefumba nini?

Tofauti na misemo miwili iliyotangulia, huu hauna dunia. Hautuonyeshi safari wala utengano. Unatuonyesha uso. Na uso huonekana na aliye karibu tu. Ndiyo maana nauita msemo wenye shahidi: anayesema "alifumba macho" anasema pia kwamba kulikuwa na mtu pembeni ya kitanda. Katika desturi zetu, macho ya marehemu yakibaki wazi, mkono wa ndugu huyafumba. Msemo unamwachia marehemu alifanye mwenyewe tendo hilo, kwa utulivu, kama alalaye.

Kutokana na hayo, msemo unamfaa aliyefariki kitandani, kwa ugonjwa au kwa uzee, akiwa na watu wake. Haumfai aliyefukiwa na udongo machimboni Kamituga, wala aliyezama ziwani na kupatikana siku ya tatu. Hakuna aliyeuona uso wake ukifumba. Kuandika hivyo ni kusimulia tukio ambalo halikushuhudiwa, na familia inajua.

Msemo huu una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu aliye hai hufumba macho: anayelala, anayeomba, mgonjwa aliyechoka. Habari ikifika kutoka hospitalini kwamba "mzee amefumba macho", ndugu atauliza kama amelala au vipi. Kwa hiyo hauwezi kubeba habari ya kwanza. Lazima uje baada ya kufariki, pale ambapo msikilizaji amekwisha kujua na sasa anataka kusikia ilikuwaje.

Hatari ya pili ndiyo iliyoninasa. Niliandika "alifumbia macho hospitalini". Nilifikiri hivi: kama tunasema alifia hospitalini, basi kwa kanuni ileile tuseme alifumbia macho hospitalini. Kanuni ya mnyambuliko ni sahihi, lakini kiti kilikuwa kimekaliwa. Kufumbia macho ni msemo mwingine kabisa: ni kuona ubaya na kujifanya hujauona. Kiongozi hufumbia macho rushwa. Mzazi hufumbia macho makosa ya mtoto. Nilipomwonyesha mwalimu wetu wa semantiki karatasi yangu, baada ya miezi kadhaa, alisoma sentensi hiyo mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini: "Babu yako aliona nini hospitalini akanyamaza?" Sikucheka. Umbo salama ni "alifumba macho", na mahali pafuate bila mnyambuliko: "alifumba macho hospitalini", au bora zaidi, "alifumba macho mikononi mwa binti yake".

5. Tangazo limeandikwa upya

Kwa kufuata hayo, hivi ndivyo ningeliandika leo:

"Familia ya Mzee M. wa Kadutu, mjini Bukavu, ina huzuni kubwa kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba Mzee M. amefariki dunia. Alifariki hospitalini usiku wa Jumanne, baada ya ugonjwa wa miezi minne. Aliiaga dunia akiwa amewaita watoto wake na kusema nao, na alifumba macho mikononi mwa binti yake mkubwa. Kilio kipo nyumbani kwake Kadutu. Mwili utaagwa hapo nyumbani Alhamisi saa tatu asubuhi, na mazishi ni saa sita mchana. Habari hizi ziwafikie hasa binti wa marehemu aliye Uvira na ndugu wote wa Kamituga na Goma."

Tupite juu yake taratibu. Sentensi ya kwanza ina kitenzi kimoja cha kifo, kufariki, na inaweza kukatwa mahali popote baada ya hapo bila habari kuharibika. Jirani wa Uvira angepita dukani, angesikia sentensi hiyo tu, na angeibeba ilivyo: "Mzee wenu amefariki." Nimemtaja mzee kwa jina wala sikusema "marehemu Mzee M. amefariki", kwa kuwa neno marehemu lingetangulia kutoa habari ambayo kitenzi bado kinaitayarisha. Marehemu huja chini, msikilizaji akishajua.

Sentensi ya pili inarudia kufariki. Mwanafunzi wa mitindo anaweza kunishauri niweke neno jingine ili nisirudie. Katika insha ya kawaida ningekubali. Hapa kurudia ni uthibitisho: aliyedhani amesikia vibaya anasikia tena. Nimeona matangazo ambamo mwandishi anabadilisha msemo kila mstari, amefariki, ametutoka, ametangulia, amelala, na msikilizaji wa mbali anaanza kujiuliza kama waliofariki ni wawili.

Sentensi ya tatu ndiyo nyumba ya misemo yenye picha. Habari imekwisha kufika. Sasa familia inaeleza ilikuwaje. Kuaga kuna yambwa yake, na -i- inaishikilia. Tena tendo hilo ni kweli: babu aliwaita watoto. Kufumba macho kuna shahidi wake, binti mkubwa. Kama babu angefariki kwa ajali njiani Kamanyola, sentensi hii yote ningeifuta, nisiweke nyingine mahali pake. Tangazo lenye kufariki peke yake halina upungufu wowote.

Sentensi ya mwisho haihusu misemo ya kifo, lakini nimejifunza kuiweka. Anayetajwa mahali alipo hutafutwa na majirani hata kama hana radio.

6. Kwa kumalizia

Tunapofundishwa tasfida darasani, mara nyingi tunapewa safu mbili: kushoto neno kali, kulia maneno ya upole, na mshale kati yake, kana kwamba ya kulia yote ni sawa. Mimi nililiamini jedwali hilo, nikachukua neno la kulia lililonipendeza, na mtu akapika samaki kwa ajili ya marehemu. Ningependa jedwali hilo liongezewe safu ya tatu yenye maswali matatu: msemo huu unamfanya marehemu atende nini? Ukikatwa nusu, nusu inayobaki inasema nini? Na aliyefariki, kweli alitenda hivyo?

Mwaka uliofuata tulifanya kumbukumbu ya babu. Mjomba alitaka niandike tena maneno ya kusomwa. Safari hii nilikwenda kwanza kwa mama mdogo na kumsomea rasimu jikoni kwake Uvira. Alisikiliza akimenya ndizi. Nilipofika kwenye "alifumba macho", aliniomba nirudie mstari huo, kisha akauliza ni nani aliyekuwa karibu naye saa ile. Nikamwambia ni dada yake mkubwa. Akasema, "Basi uandike na jina lake." Nikaliandika.